Pumzi Iliyopotea Chumba cha Eksirei

Kompyuta ya chumba cha eksirei ilianza kulalamika baada ya Pasaka, na kufikia mwezi wa kumi Anisia alikuwa amekwishazoea malalamiko yake kama mtu anavyozoea mlango unaokwaruza sakafu. Alikuwa akifika asubuhi, anafungua dirisha, anatundika koti lake jeupe, anaiwasha. Mashine inalia kidogo, halafu inagoma palepale kabla haijaamka, kioo kikiwa cheusi tii na maneno meupe ya Kiingereza katikati: feni ya prosesa ina hitilafu, bonyeza F1 kuendelea. Anisia anabonyeza F1. Mashine inaendelea. Siku inaanza.

Mara ya kwanza kabisa alishtuka, akampigia simu Mihayo. Mihayo ndiye aliyekuwa fundi wa kompyuta wa hospitali zote za jimbo la kanisa, pamoja na shule mbili za bweni, akiishi Kahama na kuzunguka kwa pikipiki kutoka hitilafu moja kwenda nyingine. Alimwuliza kama baada ya kubonyeza mashine inafanya kazi vizuri. Anisia akasema inafanya. Basi bonyeza kwanza, Mihayo akamwambia, nikipita huko nitaifungua niitazame. Hakupita. Seva ya hospitali nyingine iliungua, kisha shule ikaibiwa nyaya, kisha yeye mwenyewe akaugua. Neno lililokuwa la siku mbili tatu likageuka kuwa desturi ya nyumba, hata wahudumu wa usafi wakajua kwamba umeme ukikatika na kurudi, mtu lazima aende kwa Mama Nelly, kama walivyomwita Anisia, akabonyeze.

Na umeme wa Isegembe ulikuwa ukikatika. Hospitali hiyo ya misheni imejengwa kando ya barabara ya vumbi, kaskazini kidogo ya njia ya Ushirombo, mahali ambapo mashamba ya mpunga yanaachia vichaka na vichaka vinaachia mashimo ya dhahabu. Jenereta lilikuwapo, ila kati ya umeme kuzima na jenereta kuwaka palikuwa na pengo, na betri ya akiba chini ya meza ilikuwa imekwishakufa. Kila pengo lilimaanisha kuwasha upya, na kila kuwasha upya kulimaanisha F1.

Anisia alikuwa peke yake. Mwenzake, Dorika, alikwenda Mwanza kusoma na hakuletwa mtu wa kushika nafasi yake. Wagonjwa hawakupungua kwa sababu hiyo. Waliletwa waliovunjika miguu kwa bodaboda, watoto waliomeza vitu, na zaidi ya wote wachimbaji, wanaume waliotumia ujana wao kupasua miamba Nyarugusu na Rwamgasa, ambao sasa walikohoa kikohozi kikavu kisichosikia dawa. Alipokuwa akirudi nyumbani jioni, Anisia alijitupa kitandani hivyohivyo. Binti yake Nelly, akirudi likizo, alikuwa akimkuta amelala na viatu.

Asubuhi ile joto lilikuwa limetangulia jua. Mvua zilichelewa, na upepo ulikuwa ukiingiza vumbi jekundu chini ya mlango. Anisia alibonyeza F1 yake, akafanya kifundo cha mguu, akafanya vifua viwili, na katikati ya hivyo akasikia sauti ndani ya kabati.

Kabati hilo lilikuwa fahari ya hospitali. Fundi seremala wa parokia alilitengeneza kwa mninga ili kompyuta isiingiwe na vumbi wala kuguswa na wezi, na lilikuwa na mlango na kufuli. Sauti iliyotoka humo ilikuwa ya kitu kinachosaga, inakuja, inapotea, inakuja tena. Anisia aliisikia, akajiambia atamwambia Mihayo mchana, akamwita mgonjwa aliyefuata.

Alikuwa Mzee Ngassa. Aliingia amemshika bega binti yake, Limi, mwanamke mnene wa makamo aliyefunga kitenge juu ya gauni la kanisani. Mzee alikuwa mrefu na bila shaka zamani alikuwa na kifua kipana, lakini sasa shati lilining'inia juu yake kama limetundikwa kwenye mti. Alipita hatua chache akasimama kupumua. Akapita nyingine akasimama tena.

"Shikamoo baba," Anisia akasema.

"Marahaba, mayu," mzee akajibu, akimwita mama kwa Kisukuma, na maneno hayo mawili yalimgharimu pumzi.

Limi alieleza kwa niaba yake. Wametoka upande wa Runzewe na gari la alfajiri. Baba alichimba tangu kijana, akawa wa kuchoronga, yaani kutoboa miamba, halafu uzeeni akasaga mawe ya watu. Makohozi yamepimwa mara nyingi, kifua kikuu hakionekani. Daktari Luka amesema bila picha hawezi kuendelea kukisia.

Anisia alimsimamisha mzee kifua kikiwa kimegusa bapa la kupokelea picha, akamwinua kidevu, akamsukuma mabega mbele taratibu. Akamweleza: akisikia aambiwe, avute pumzi nyingi, aibane, asitikisike mpaka aruhusiwe. Mzee akaitika kwa kichwa. Anisia akamtoa Limi nje, akaingia nyuma ya ukuta wa risasi unaozuia mionzi, akamtazama kupitia dirisha la kioo.

Mara ya kwanza mzee alivuta akakohoa. Anisia hakubonyeza kitu, akamsubiri. Mara ya pili akakohoa tena, hadi akashika chuma cha mashine asianguke. Anisia alitoka, akamkalisha, akampa maji. Walipojaribu tena mzee alifumba macho. Alivuta pumzi polepole, kidogo kidogo, kama mtu anayechota maji kwenye kisima kilichokauka, halafu akaibana. Mishipa ya shingo ikasimama. Anisia akabonyeza. Mashine ikalia mlio wake mfupi.

"Pumua, baba."

Akageuka kwenye kioo cha kompyuta kuitazama picha. Mstari wa kuonyesha kwamba picha inaingia ulikuwa umefika nusu. Kisha kioo kikazima. Taa ya dari ilikuwa ikiwaka, feni ya ukutani inazunguka, umeme ulikuwapo. Ni kompyuta peke yake iliyokuwa imenyamaza.

Anisia alifungua kufuli la kabati. Hewa iliyompiga usoni ilikuwa kama ya mtu aliyefunua sufuria. Alipoweka kiganja juu ya bati la kompyuta akakiondoa. Aliliacha kabati wazi, akasubiri kidogo, akawasha, akabonyeza F1, akafungua orodha ya wagonjwa. Jina la Ngassa lilikuwapo. Mahali pa picha palikuwa patupu. Bapa lao lilikuwa la zamani, la waya, halina kumbukumbu yake lenyewe. Kile ambacho kompyuta haikukipokea kilikuwa kimekwenda.

Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti, bado akiitafuta pumzi yake. Anisia alichuchumaa mbele yake, kwa kuwa hakutaka kusema maneno hayo akiwa amesimama. Akamwambia kwamba mashine imezima kabla haijaihifadhi picha, na kwamba picha imepotea.

Mzee Ngassa hakukasirika. Aliuliza kama mtu anayetaka tu kujua.

"Na ile pumzi niliyoibana, mayu, imekwenda wapi?"

Anisia angeweza kumwambia arudie. Dozi ya picha moja ya kifua ni ndogo, na angekuwa radhi kuieleza kwa yeyote atakayeuliza. Lakini alijua kabati lina joto lilelile, feni ni ileile, na angeweza kumchoma mionzi tena bila faida, na kumfanya achote tena kule chini kisimani, halafu kioo kizime. Hilo la pili ndilo lililomzuia. Akamwambia mzee apumzike kwenye benchi penye kivuli. Akaizima kompyuta, akachomoa waya ukutani, akaenda kumtafuta Sista.

Sista Eufrasia, mganga mfawidhi, alikuwa ofisini na simu mbili mezani, uso umemlegea kama wa mtu aliyezungumza na watu wengi kabla ya chai. Alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kama haiwezekani kuendelea na wale walio mahututi zaidi, mmoja mmoja, mashine ikipumzishwa katikati. Benchi limejaa, akasema, na wengine wametoka mbali, mwendo kama wa kwenda hospitali ya Chato. Mhasibu amemwambia kwamba kwenye kompyuta yake ya nyumbani ujumbe kama huo uliondolewa kwa kubadilisha mpangilio fulani, na haukurudi tena.

"Sista, ujumbe unaweza kuondoka," Anisia akasema. "Feni itabaki vilevile mbovu. Tutakuwa tumemziba mdomo anayetuambia nyumba inaungua."

"Lakini umekuwa ukibonyeza tangu Pasaka."

"Nimekuwa nikibonyeza. Leo nimempiga mtu mionzi nikapata patupu. Sitampiga mwingine."

Alisema kwa sauti ya chini, na huenda uchovu wenyewe ndio uliompa uthabiti. Hakuwa na nguvu ya kubishana, hivyo hakubishana. Sista alivua miwani akasugua macho. Akasema basi, mwite Mihayo, na ukawaambie watu mwenyewe, maana mimi leo siwezi kusimama mbele ya benchi lile.

Mihayo alipokea simu kelele za barabarani zikiwa nyuma yake. Anisia alimweleza kila kitu bila kulaumu, ile sauti ya kusaga, joto, kuzima, picha. Mihayo akasema asiiwashe tena kabisa. Yuko sokoni Kahama. Atatafuta feni na kuja moja kwa moja.

Kuwaambia watu kulikuwa kugumu kama alivyotazamia. Waliovunjika, Daktari Luka aliwafunga vizuri na kuwaandikia kwenda Kahama na gari la wagonjwa. Baadhi ya wenye vifua waliondoka wakinung'unika kwa Kisukuma, bila kujua kwamba Anisia, Msumbwa wa Ushirombo, alielewa kila neno. Wengine walibaki. Limi alisema watabaki. Baba hana nguvu ya safari nyingine leo, akasema, akatandika kitenge chake kwenye benchi mzee ajinyooshe.

Mihayo alifika adhuhuri imepita, nyusi zake nyekundu kwa vumbi. Alimsalimia Mama Nelly bila kumtazama usoni, akaomba maji, akanawa mikono, kisha akapiga magoti mbele ya kabati. Alihakikisha waya umechomolewa, akabonyeza kitufe cha kuwashia kikiwa hakina umeme ili kumaliza chaji iliyobaki ndani, akaitoa kompyuta, akaiweka mezani, akafungua bati la ubavuni.

Vumbi lililokuwa ndani lilikuwa laini na jekundu, limelala kama sufu. Katikati ya ubao mama, ule unaobeba na kuunganisha vifaa vyote, ndipo palipokuwa na feni, juu ya kile kipande cha alumini chenye mapezi ambacho mafundi hukiita hitisinki, kinachopoza prosesa, ubongo wa kompyuta. Mihayo aliisukuma kwa kidole. Feni nzima husukumwa mara moja ikazunguka yenyewe kwa muda. Hii ilikwenda robo mzunguko ikasimama. Akaisukuma tena, akamwambia Anisia aguse. Ilikwaruza kama kuna mchanga ndani.

"Beringi zimekwisha," akasema.

Alimwonyesha waya za feni zilipoishia: soketi ndogo nyeupe ya pini nne, na pembeni yake ubao umeandikwa kwa herufi ndogo kwamba hapo ni pa feni ya prosesa. Waya mbili ni za umeme, akaeleza. Wa tatu ndio unaoripoti feni inazunguka kwa kasi gani, na wa nne ndio ambao ubao hutumia kuiambia iongeze au ipunguze. Kila ukiiwasha, ubao unasikiliza ule wa tatu. Asubuhi feni ni baridi na ngumu, haisemi kitu au inasema kidogo mno, kwa hiyo ubao unasimama na kukuuliza. Ukibonyeza F1 unaiambia mashine iende hivyohivyo. Feni ikipata joto inajivuta, siku inapita. Leo haikujivuta. Prosesa ilipoona inataka kuungua ikajizima yenyewe, nayo haijui kama kuna picha ya mtu njiani.

Alipomaliza kusema hayo aliiweka bisibisi chini. Kisha akasema kwamba yeye ndiye aliyemwambia abonyeze. Anisia akamjibu kuwa walibonyeza wote, na kwamba mzee yuko nje.

Mihayo alipuliza vumbi kwa blowa ya mkono, akilishika panga la feni kwa kidole lisizunguke ovyo. Akaing'oa feni mbovu kwenye klipu zake na kuiacha hitisinki mahali pake. Kisha akatoa mfukoni ile aliyonunua. Ilikuwa mpya, nyeusi, kwenye mfuko wa nailoni. Alipounyoosha waya wake Anisia aliuona uso wake ukibadilika.

Ilikuwa na waya mbili tu. Nyekundu na nyeusi, zikiishia kwenye plagi kubwa ya pini nne, ile ya kuchomekwa moja kwa moja kwenye nyaya za pawasaplai, kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Muuzaji alimwambia inaingia kokote, na Mihayo, mwenye haraka na simu ya Anisia sikioni, hakuifungua.

Hata hivyo aliijaribu. Aliishikiza juu ya hitisinki, akaichomeka kwenye pawasaplai, akawasha bati likiwa wazi na mikono ikiwa mbali. Feni ilizunguka vizuri sana, na upepo wake Anisia aliusikia usoni. Mashine ikalia, ikasimama. Kioo cheusi, maneno yaleyale meupe.

"Inazunguka, lakini haina waya wa kusema inazunguka," Mihayo akasema. "Ubao unaona soketi tupu."

Akaketi sakafuni, mgongo ukutani. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, lakini pale alionekana ni rika la Mzee Ngassa. Akasema, kama anayejisemea, kwamba kwa kweli feni inafanya kazi. Angeweza kuingia kwenye mipangilio sasa hivi, auambie ubao uache kuifuatilia feni ya prosesa, na ujumbe usionekane tena. Feni inayofaa inabidi iagizwe Mwanza, na hata ikitoka leo itachukua muda.

Anisia aliketi kwenye kiti cha wagonjwa. Kwa mlango uliokuwa wazi kidogo alimsikia mzee akikohoa na Limi akimsemesha kwa upole.

"Na hii ikikwama wiki ijayo," akauliza hatimaye, "nani ataniambia?"

"Hakuna. Itazima tu, kama leo."

"Basi tusiifanye hivyo, kaka. Fikiria kingine. Kama hakuna kingine tufunge, niwaambie waende."

Mihayo aliinamisha kichwa akifikiri. Mwishowe akainuka, akachukua tochi ya simu, akamulika ndani ya kasha la kompyuta tena, si mahali pa prosesa bali nyuma kabisa, pale hewa ya moto inapotolewa. Palikuwa na feni nyingine hapo. Aliisukuma kwa kidole. Ikazunguka, ikazunguka, haikuwa na haraka ya kusimama. Akafuata waya zake hadi kwenye ubao.

"Hii ina tatu," akasema.

Kazi iliyofuata haikuwa ya kupendeza kuitazama, ila ilikuwa na akili. Alizima na kuchomoa tena, akaifungua ile feni ya nyuma. Mahali pake akafunga ile mpya ya waya mbili na kuichomeka kwenye pawasaplai. Pale nyuma inatoa tu hewa, na hakuna anayelazimika kuiuliza kasi yake. Feni yenye waya tatu akaileta juu ya hitisinki. Vipimo vilikaribiana, matundu ya skrubu hayakuoana, kwa hiyo akaifunga pembe zote nne kwa zile kamba za plastiki za kufungia nyaya, akazikaza sawasawa, akakata mikia isije ikaguswa na mapanga. Kabla ya kukaza alitazama mshale mdogo ubavuni mwa feni kuhakikisha upepo utashuka kwenye alumini. Plagi ya matundu matatu iliingia kwenye soketi ya pini nne upande wenye kibanzi cha kuiongoza, pini moja ikabaki wazi. Hiyo iliyobaki ni ya kuamrisha kasi, akaeleza. Hapo feni huenda itakuwa ikizunguka kwa nguvu zote wakati wote, itapiga kelele, lakini itasema.

Kabla ya kuwasha alimpigia mtu wa kampuni iliyoleta mashine ya eksirei, akamweleza walichofanya. Yule akakubali feni zibadilishwe, mradi programu isiguswe, na feni halisi iwekwe mara ikifika.

Akawasha. Feni ikanguruma kama kinu cha kusaga. Mashine ikalia mara moja, kioo kikaangaza, na kompyuta ikapita moja kwa moja hadi mwisho bila kumwuliza mtu kitu. Anisia aligundua kidole chake kilikuwa kimekwishafika kwenye F1.

Mihayo hakuridhika hapo. Aliiwasha upya akaingia kwenye ukurasa wa mipangilio, akamwonyesha kasi ya feni ikisomeka na joto la prosesa chini yake. Hakubadilisha kitu, walikaa tu wakalitazama. Lilipanda, likasimama mahali pa kuridhisha, likabaki hapo. Ndipo Anisia akajaza ndoo ya plastiki maji, akaiweka juu ya stuli mbele ya bapa, akaipiga picha ndoo. Picha ikaingia yote. Akaipiga tena, na tena, huku programu ikifanya kazi yake ngumu ya kusafisha picha, na katikati Mihayo akiweka mkono nyuma ya kasha kuipima hewa. Ilikuwa ya vuguvugu tu.

Mihayo akampa masharti. Kabati lisifungwe, na kompyuta ikae nje yake, juu ya meza, mbali na ukuta. Afanye walio lazima tu, na aizime mchana akila. Joto aliangalie asubuhi na mchana. Na ule ujumbe ukitokea tena, hata mara moja, asibonyeze kitu. Azime na ampigie. Anisia alisema hiyo ya mwisho hahitaji kuambiwa.

Kisha akaenda mlangoni, akamwita Mzee Ngassa.

Mzee alikuwa amelala kidogo, na usingizi ulikuwa umemsaidia. Alisimama mlangoni akitazama ile kompyuta iliyofunuliwa ubavu, iliyokuwa ikinguruma juu ya meza, akauliza kama imepona. Anisia akamwambia ukweli: haijapona, imefungwa bandeji, ila imejaribiwa mara kadhaa mbele ya macho yake na haikuzima. Kama baba hataki kurudia leo, hakuna atakayemlaumu.

"Nimeketi mchana kutwa," mzee akasema. "Tumalize."

Alimpanga upya, kidevu, mabega, viganja. Nyuma ya kioo alimsubiri. Hakumharakisha na wala hakumwambia avute mpaka alipomwona mwenyewe ametulia. Mzee alivuta. Alikohoa kidogo katikati, akameza kikohozi chake, akaendelea kuvuta, akabana. Anisia akabonyeza, akamwambia apumue, na akageuka. Mstari ulikwenda robo, ukaenda nusu, ukapita nusu. Mihayo alikuwa amesimama nyuma yake bila kupumua kama vile yeye ndiye anayepigwa picha.

Picha ikaingia. Ilikuwa picha nzuri, mbavu zote zinahesabika, haikutikisika hata kidogo, na kwa uzuri wake huohuo ilionyesha kila kitu. Pande zote mbili za mapafu, juu hasa, palitapakaa vidoa vyeupe vilivyoshikana, na chini mapafu yalikuwa yametanuka kwa kuhangaika. Anisia alikuwa ameziona za namna hiyo nyingi. Si kazi yake kumwambia mgonjwa. Aliituma kwa Daktari Luka na kumwambia mzee kwamba pumzi yake safari hii imefika.

Mzee akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na Limi akaja kumshika.

Walikaa kwa daktari muda mrefu. Mihayo alifunga vifaa vyake, akachukua feni mbovu ili aionyeshe Mwanza wasije wakampa nyingine isiyo yake, akaondoka kabla jua halijazama kwa kuwa taa ya pikipiki haikuwa nzuri. Anisia alikunywa chai iliyopoa akiwa amesimama.

Limi alirudi peke yake kuaga. Daktari amesema ni vumbi la mawe, akaeleza. Limekaa ndani, halitoki. Kuna dawa za kumpunguzia, kuna mazoezi ya kupumua, na kila baada ya muda wapime kifua kikuu maana hupenda kuingia kwenye mapafu kama hayo. Asisogee tena karibu na mawe wala moshi. Alisema yote hayo kwa sauti iliyonyooka, kisha akashindwa kidogo, akapangusa macho kwa ncha ya kitenge. Anisia akamshika mkono. Limi akasema kwamba baba alipoambiwa alisema tu, najua, na akauliza kama basi sasa ataacha kumeza vidonge vya kifua kikuu ambavyo watu wamekuwa wakimpa kwa kukisia. Daktari akamwambia ndiyo. Hilo limemfurahisha kuliko alivyomwona akifurahi mwaka huu wote.

"Ahsante kwa kutotufukuza," Limi akasema.

"Msalimie baba. Mwambie alale vizuri."

Benchini walikuwa wamebaki wanaume wawili, mmoja amesinzia. Anisia alirudi ndani, akatazama joto la prosesa, likawa pale lilipokuwa. Miguu ilimuuma hadi magotini. Alivuta kiti akaketi kidogo, macho yamefumba, akiisikiliza ile feni ikinguruma. Kisha akainuka, akafungua mlango, akamwita aliyefuata.